Mistari mitatu tu

Leo sina habari za simu mpya wala programu ya kupakua bure. Leo nimekuja kugombana, na ninaogombana nao ni watu wa kazi yangu mwenyewe, sisi tunaoandika programu za ripoti kisha tunamwambia mwenye kazi "iko sawa" bila kumwonyesha ushahidi wowote kwamba iko sawa.

Nasema wazi tangu mwanzo, ili asiyekubali ajue tunabishania nini. Ripoti ambayo haijalinganishwa na jedwali ilikotoka, kwa hesabu ya mistari na kwa jumla ya kilo au shilingi, ni uvumi uliopangwa vizuri. Na ikiwa watu wanalipwa kwa uvumi huo, aliyeuandika ana deni.

Mimi deni hilo ninalo, kwa hiyo nianze na lililonipata.

Karani na kaunta buku

Mimi ni wa Kianjai, kwenye barabara ya kutoka Meru kwenda Maua. Miaka michache iliyopita chama kimoja cha wafugaji kiliniomba niwaandikie programu ya malipo ya maziwa. Chama sikitaji, na namba nimezibadilisha kidogo ili mtu asijulikane, lakini mambo yalikwenda hivi hivi nitakavyoyaeleza. Na kosa halikuwa la chama. Lilikuwa langu.

Kazi yenyewe si ngumu kuielewa. Mkulima analeta maziwa kituoni asubuhi na jioni. Karani anapima, anaandika namba ya mwanachama na kilo, anampa risiti. Mwisho wa mwezi kilo za kila mtu zinajumlishwa, zinazidishwa kwa bei, anakatwa deni la duka la chakula cha ng'ombe, kisha pesa zinatumwa kwenye akaunti yake.

Kabla sijafika, kazi hii ilifanywa kwa kaunta buku. Karani akifika chini ya ukurasa alijumlisha kilo zote kwa kikokotoo, akaandika jumla, akapiga mistari miwili chini yake. Juu ya ukurasa uliofuata aliandika ile jumla aliyoileta kutoka nyuma. Ofisini nao walijumlisha upya. Jumla zikigombana, hakuna aliyelipwa mpaka ijulikane kwa nini.

Ile jumla ya chini ya ukurasa ndiyo watu wa hesabu wanaita jumla ya udhibiti. Ni namba inayopatikana kabla data haijasafiri, kisha ikifika inakokwenda unaitafuta tena upya. Ikibaki ile ile, una sababu ya kuamini kwamba hakuna kilichoanguka njiani.

Nikaja mimi na kompyuta yangu. Nikawaambia, "Sasa hakuna haja ya kujumlisha kurasa, mashine itajumlisha." Makarani wakafurahi kupunguziwa kazi. Nami sikujua kwamba sehemu niliyoitupa ndiyo iliyokuwa mlinzi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi niliongeza daftari la kisasa kabisa, na mali ikapotea vile vile, kwa sababu daftari jipya halikulinganishwa na lolote.

Mwezi wa Mei

Mwezi wa Mei ulipofungwa nilikuwa na majedwali mawili. La kwanza liliitwa `maziwa`. Humo kila mstari ni risiti moja, kama ilivyotoka kituoni. Hilo ndilo chanzo. La pili liliitwa `malipo`, na programu yangu ndiyo iliyolijaza. Ilichukua kila risiti, ikatafuta jina la mwenye namba ile kwenye jedwali la `wanachama`, ikatafuta akaunti yake kwenye jedwali la `akaunti`, ikaandika mstari tayari kwa kulipwa.

Kwa udadisi tu nilihesabu mistari. Chanzo kilikuwa na mistari 18,642. Malipo yalikuwa na mistari 18,639.

Nilimwendea meneja. Nikamwambia, "Kuna tofauti ya mistari mitatu."

Akaniuliza, "Kati ya mingapi?"

"Kati ya elfu kumi na nane na zaidi."

"Mistari mitatu tu! Ndugu yangu, hata karani hukosea zaidi ya hapo. Watu wanangoja pesa. Lipa."

Nikalipa. Simlaumu. Yeye aliniamini mimi nijue maana ya ile tatu, na mimi sikujua.

Baada ya siku chache mama mmoja wa makamo akaja ofisini akiwa na risiti zake amezifunga kwa uzi. Alikuwa mmoja wa waanzilishi wa chama, namba yake 0062. Akaziweka mezani akaniambia kwa upole, "Mwanangu, kompyuta yako imekunywa maziwa yangu."

Nikamwambia, "Mama, labda umehesabu vibaya."

Hakukasirika. Alinivutia kiti, tukahesabu pamoja, risiti moja moja. Risiti kumi hazikuwa kwenye malipo. Kilo 79.5. Kwa bei ya shilingi 45 kwa kilo, mama alikuwa amepunjwa shilingi 3,577.50.

Sasa tazama. Tofauti yangu ilikuwa mistari mitatu kwa chama kizima. Mama mmoja peke yake amekosa kumi. Inawezekanaje?

Makosa mawili yaliyofichana

Hapo ndipo nilipofanya kilichopaswa kufanywa kabla ya malipo. Nilijumlisha kilo pande zote mbili.

```sql
SELECT COUNT(*) AS mistari, SUM(kilo) AS kilo FROM maziwa;
SELECT COUNT(*) AS mistari, SUM(kilo) AS kilo FROM malipo;
```

(Majedwali yote mawili yalikuwa na mwezi mmoja tu. Kama yako yana miezi mingi, weka sharti lile lile la tarehe pande zote mbili.)

Chanzo kilisema kilo 131,418.5. Malipo yalisema kilo 131,649.0. Soma tena. Mistari imepungua mitatu, lakini kilo zimeongezeka 230.5!

Kosa moja la kupoteza mistari haliwezi kuongeza kilo. Mishale miwili ikielekea pande tofauti, ujue una makosa angalau mawili, na yanafichana. Tofauti ndogo niliyoiona ilikuwa baki baada ya makosa makubwa kutoana.

Kosa la kwanza lilipoteza risiti. Karani wa kituo kimoja aliugua siku tano. Aliyemshikia kazi hakuwa na simu yenye programu yetu, akaandika kwenye Excel, akatuma faili. Excel ikiona 0062 inadhani ni namba ya kawaida, inaondoa sifuri za mbele, inabaki 62. Kwenye jedwali la wanachama namba zimehifadhiwa kama maandishi, na maandishi '62' si sawa na '0062'. Programu yangu iliunganisha majedwali kwa `JOIN` ya kawaida, ambayo mstari usiopata mwenzake inauacha nje kimya kimya, bila onyo. Wenye namba zinazoanza na sifuri pale kituoni walikuwa saba, wote wanachama wa zamani. Kwa siku tano, asubuhi na jioni, ukitoa mara ambazo hawakuleta, risiti 61 zilipotea, zenye kilo 512.5.

Kosa la pili liliongeza risiti. Mkulima mmoja mwenye ng'ombe wengi alikuwa amehama kutoka benki moja kwenda nyingine. Akaunti mpya iliandikwa, ya zamani haikufungwa. Kwa hiyo kila risiti yake ilikutana na akaunti mbili, na `JOIN` ile ile ikaandika mistari miwili. Alikuwa na risiti 58, zikawa 116. Zilizozidi ni 58, zenye kilo 743.

Sasa fanya hesabu. 18,642 toa 61, jumlisha 58, unapata 18,639. Na kwa kilo, 131,418.5 toa 512.5, jumlisha 743, unapata 131,649. Imekubali hadi nusu kilo.

Kwa shilingi, waanzilishi saba walipunjwa 23,062.50, na mkulima mmoja akalipwa zaidi 33,435. Hiyo ndiyo maana ya "mistari mitatu tu". Na kama yule mkulima angekuwa na risiti 61 badala ya 58, tofauti ya mistari ingekuwa sifuri kamili! Ningempelekea meneja karatasi yenye namba mbili zinazolingana, tukapongezana, na mama angerudi nyumbani akiambiwa amehesabu vibaya.

"Lakini programu haikutoa kosa"

Huu ndio utetezi ninaousikia kila mara kutoka kwa wenzangu. Programu ilikimbia mpaka mwisho, hakuna herufi nyekundu, kwa hiyo ripoti iko sawa.

Ndugu zangu, kwa databesi, kuacha mstari nje ya `JOIN` si kosa. Ni jibu sahihi la swali uliloliuliza. Uliuliza "nipe risiti zenye mwanachama", ikakupa. Hukuuliza "na zisizo na mwanachama zimekwenda wapi?" Mashine haitajibu swali ambalo hukuliuliza. Ndiyo maana ushahidi hauwezi kutoka kwenye ukimya wa programu. Lazima utoke kwenye hesabu nyingine.

Na hesabu hiyo isipite njia ile ile. Nilikuwa na mwenzangu aliyejigamba kwamba ripoti zake zinalinganishwa kila usiku na hazijawahi kutofautiana. Nilipoangalia, alikuwa akilinganisha ripoti na jedwali la katikati, ambalo tayari limeshachujwa na `JOIN` yake. Bila shaka vinalingana! Ni sawa na kumwuliza mshukiwa kama shahidi wake anakubaliana naye. Jumla ya udhibiti ichukuliwe kwenye chanzo chenyewe, mlangoni, kabla mkono wako haujagusa kitu.

Hesabu inayofunga

Tangu siku ile silinganishi tu chanzo na ripoti. Ninadai hesabu ifunge. Kila mstari wa chanzo lazima uwe na mahali ulipoishia, na mahali hapo ni pawili tu. Ama uko kwenye ripoti, mara moja tu, au uko kwenye jedwali la waliokataliwa, na sababu imeandikwa. Hakuna mahali pa tatu.

Jedwali la waliokataliwa linapatikana kwa swali hili:

```sql
SELECT m.risiti, m.namba, m.kilo
FROM maziwa m
LEFT JOIN wanachama w ON w.namba = m.namba
WHERE w.namba IS NULL;
```

Linaleta kila risiti isiyo na mwenyewe. Kwa mwezi ule lingeniletea mistari 61, na kwa kuona 62, 87, 114 na nyingine za namna hiyo zimejipanga pamoja, hata mtoto angejua sifuri zimekatwa. Kila jedwali unaloliunganisha baadaye liulizwe swali hili hili. Asiye na akaunti naye anatupwa nje kama asiye na jina.

Waliorudiwa wanapatikana kwa hili:

```sql
SELECT risiti, COUNT(*) AS mara
FROM malipo
GROUP BY risiti
HAVING COUNT(*) > 1;
```

Hayo mawili yanakuonyesha walioanguka na waliozidi. Lakini bado nataka jumla igawanywe, kwa sababu jumla ya chama kizima ndiyo iliyoficha makosa yangu. Makosa yanayofichana katika jumla kubwa kwa kawaida hufichuka ukigawanya kwa kituo na kwa siku. Ya kwangu yalikuwa katika vituo viwili tofauti. Lingepita swali hili, yangeonekana asubuhi ile ile:

```sql
SELECT kituo, tarehe, SUM(n) AS mistari, SUM(k) AS kilo
FROM (
  SELECT kituo, tarehe, 1 AS n, kilo AS k FROM maziwa
  UNION ALL
  SELECT kituo, tarehe, -1, -kilo FROM malipo
) AS t
GROUP BY kituo, tarehe
HAVING SUM(n) <> 0 OR SUM(k) <> 0;
```

Tazama ujanja wake. Kila risiti ya chanzo inaingia kama jumlisha moja, kila ya malipo kama toa moja. Kila kitu kikiwa sawa vinamalizana na swali halirudishi mstari wowote. Linarudisha penye ugomvi tu.

Kwa nini sikuunganisha jumla za pande mbili kwa `JOIN`? Kwa sababu nimewaona watu wakifanya hivyo, na ni kichekesho kinacholiza. Kituo kizima kikikosekana kwenye ripoti, `JOIN` ya kulinganisha nayo inakiacha nje, na ukaguzi unasema hakuna tofauti. Ukaguzi umeambukizwa ugonjwa ule ule unaoutafuta.

Jambo jingine, kabla sijasahau. Mistari hulinganishwa na mistari ikiwa pande zote mbili zinahesabu kitu kimoja. Ripoti yenye mstari mmoja kwa kila mkulima haiwezi kulingana na jedwali lenye mstari mmoja kwa kila risiti. Wengi wakifika hapo wanasema basi haiwezekani kulinganisha, wanaacha. Inawezekana. Weka kwenye ripoti safu ya idadi ya risiti za kila mkulima, kisha jumlisha safu hiyo. Jumla yake ndiyo inayolinganishwa na hesabu ya mistari ya chanzo. Mkulima naye ataipenda, maana anaweza kuhesabu risiti zake mwenyewe bila kuja na uzi ofisini.

Na kilo zihifadhiwe kama `DECIMAL`, si `FLOAT`. Ukitumia `FLOAT`, jumla mbili zilizo sawa zinaweza kutofautiana kwa vipande vidogo sana kwa sababu tu zimejumlishwa kwa mpangilio tofauti. Utaanza kusema "tofauti ndogo si kitu", na tumeshaona sentensi hiyo inakopeleka watu.

Mia moja nukta sifuri moja

Nisieleweke vibaya. Sisemi kila tofauti ni wizi. Ninasema kila tofauti ina maelezo, na kazi yetu ni kuyatafuta kwenye namba zenyewe. Hapa Kenya tulipata somo hadharani.

Tarehe 15 Agosti 2022, tume ya uchaguzi ilitangaza matokeo ya urais. William Ruto 7,176,141, asilimia 50.49. Raila Odinga 6,942,930, asilimia 48.85. George Wajackoyah 61,969, asilimia 0.44. David Mwaure 31,987, asilimia 0.23. Kesho yake makamishna wanne wa tume hiyo hiyo, wakiongozwa na makamu mwenyekiti Juliana Cherera, walisema asilimia hizo zikijumlishwa zinafika 100.01, na kwamba ile 0.01 iliyozidi ni kama kura 142,000.

Chukua kikokotoo. Asilimia zinafika 100.01 kweli, hapo hawakukosea. Lakini jumla ya kura za wagombea wanne ni 14,213,027, na asilimia 0.01 ya hizo ni kura 1,421, si 142,000. Walikosea mara mia. Tena hata hizo 1,421 hazikuwepo popote. Mwaure alipata asilimia 0.22505, ikakadiriwa kuwa 0.23. Wajackoyah alipata 0.436, ikawa 0.44. Asilimia zote nne zilipandishwa juu kidogo, na vipande vile vinne vikikusanyika ndivyo vinavyofanya 0.01. Ni alama ya kukadiria tu.

Sizungumzii nani alistahili kushinda. Mahakama ya Juu ilishaamua tarehe 5 Septemba 2022. Ninazungumzia jumla ya udhibiti. Asilimia zilizokadiriwa haziwezi kuwa jumla ya udhibiti, kwa sababu sehemu ya habari imeshakatwa. Hazifungi hata kila kitu kikiwa safi, na kwa sababu hiyo hiyo zinaweza kufunga kila kitu kikiwa kichafu. Linganisha kura na kura, kilo na kilo, senti na senti.

Na tazama kilichowezesha mtu yeyote kuhakikisha. Mwaka ule fomu 34A za vituo vya kupigia kura ziliwekwa kwenye tovuti ya tume, mwananchi akaweza kujumlisha mwenyewe. Chanzo kilikuwa wazi. Ukibishana na jumla, unarudi kwenye fomu. Kwetu Kianjai fomu 34A ni risiti za mama alizozifunga kwa uzi. Bila zile risiti, neno lake lingepambana na kompyuta, na ninyi mnajua nani angeshinda.

Ambayo hesabu hii haithibitishi

Nisiuze dawa ya magonjwa yote. Kuna makosa mawili ambayo mistari na kilo vikilingana bado yanapita.

La kwanza ni risiti kwenda kwa mtu mwingine wa kituo kile kile. Mistari sawa, kilo sawa, siku sawa, mwenye maziwa amebadilika. Dawa yake ni kugawanya kwa namba ya mwanachama pia, kama ilivyoandikwa kwenye chanzo. Watu wa zamani wa kadi za kutoboa walikuwa na mbinu ya kujumlisha namba za wanachama zenyewe, jumla isiyo na maana yoyote ila kwamba ikibadilika, kuna namba imebadilika. Kwa kompyuta za leo kugawanya ni bora, kwa sababu kunakuambia ni nani.

La pili ni chanzo chenyewe kuwa na kosa. Karani akiandika kilo 7 badala ya 17, majedwali yangu yatalingana vizuri sana juu ya uongo ule. Hapo hakuna SQL itakayokusaidia. Kinachosaidia ni ile jumla ya chini ya ukurasa, na kipimo cha gari linapobeba maziwa ya kituo kizima. Ndiyo maana baada ya kisa kile niliwaomba makarani msamaha, nikawaomba warudishe jumla yao. Sasa kila jioni karani anaandika jumla ya kituo kwa mkono wake, anaituma peke yake, na inaingia kwenye jedwali lake yenyewe. Mashine inalinganisha jumla ya karani na jumla ya risiti, kisha jumla ya risiti na malipo. Mnyororo una pingu mbili, si moja.

Na jambo la wakati. Linganisha chanzo kilichofungwa. Kama vituo bado vinaingiza risiti za mwezi wakati ripoti imeshatengenezwa, utaona tofauti ambazo si makosa, utazizoea, na siku ya kosa la kweli utaipita kama umezoea kupita. Sisi tunafunga mwezi saa sita usiku wa siku ya pili. Risiti inayochelewa inaingia mwezi unaofuata, imeandikwa kwamba imechelewa.

Wanaosema inachelewesha

Nimeambiwa ukaguzi huu unachelewesha malipo. Maswali yale yote kwa mistari elfu kumi na nane yanamalizika kabla hujainua kikombe cha chai. Kinachochelewesha ni kutafuta sababu ya tofauti. Sawa, kwa mwezi ule ingenichukua siku nzima. Mnajua kurekebisha baada ya kulipa kulichukua muda gani? Kuwalipa wale saba ilikuwa rahisi, mwezi uliofuata waliongezewa. Kumwambia mkulima aliyelipwa zaidi kwamba atakatwa shilingi 33,435, wakati ameshanunua mashine ya kukatia majani, kulituchukua miezi minne na vikao viwili vya halmashauri, na mpaka leo hanisalimii sokoni.

Kwa hiyo madai yangu kwa wenzangu ni haya. Chini ya kila ripoti inayolipa mtu, kabla ya sahihi ya meneja, pawe na mistari minne. Chanzo: risiti ngapi, kilo ngapi. Zilizokataliwa: ngapi, kilo ngapi. Zilizolipwa: ngapi, kilo ngapi. Tofauti: sifuri, sifuri. Na tofauti isipokuwa sifuri, programu ikatae kutoa faili la benki. Isitoe onyo la kubonyezwa na kupitwa. Ikatae.

Meneja wetu siku hizi haulizi tena "kati ya mingapi". Anakwenda moja kwa moja chini ya ukurasa kutafuta zile sifuri mbili. Na mama wa namba 0062 bado analeta maziwa asubuhi na jioni, na bado anafunga risiti zake kwa uzi. Nilipomwambia siku hizi hakuna haja, alicheka.

"Wewe linganisha zako, mwanangu," akasema. "Mimi nitalinganisha zangu."